Dagaa Alikufa

Simu ya mama ilikuja Desemba 2023, baada ya swala ya Isha, nikiwa bwenini najiandaa na mtihani wa fiqhi. Kama kawaida yake alianza na habari za watu. Nani anaumwa, nani amejifungua, nani amerudi kutoka Pemba, nani hajarudi. Kisha akanyamaza kidogo, akacheka kile kicheko cha mtu anayeona haya, akasema, "Na yule paka, Dagaa, kafa. Mdogo wako hali chakula siku ya pili leo. Wewe ndiye unayesoma dini, zungumza naye."

Nilicheka na mimi. Nakiri hilo mwanzoni kabisa, maana makala hii inahusu kicheko hicho na kinyume chake.

Kwetu ni Mucojo, pwani ya wilaya ya Macomia, mkoa wa Cabo Delgado. Ni kama kilomita 45 kutoka Macomia mjini mpaka baharini. Wenzangu hapa chuoni wakisikia jina hilo hucheka, kwa sababu linavyosikika katika Kiswahili mnalijua wenyewe. Nimezoea. Sisi ni Wamwani, watu wa samaki na minazi, na lugha yetu Kimwani ni jirani sana na Kiswahili. Aprili 25, 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani yetu, na katika siku za baada yake mdogo wangu aliokota paka mchanga chini ya mashua iliyopinduka. Alikuwa mdogo kiasi kwamba baba alisema huyu si paka, ni dagaa. Jina likabaki.

Mwaka 2020 vita vilipotufikia tuliondoka kwa jahazi kwenda Pemba. Dagaa tulimwacha. Hakuna aliyesimama kumtafuta, na sidhani kama tulikosea, kwa sababu tulikuwa tunahesabu watoto. Mwaka 2023 familia yangu ilirudi kama familia nyingine kadhaa, na wakamkuta. Amekonda, sikio moja limechanika, lakini yupo. Mdogo wangu anasema paka alimtambua. Mama anasema alichotambua ni harufu ya samaki. Baba anasema huenda hata si yeye.

Sasa alikuwa amekufa, na mtoto wa miaka tisa alikuwa halali chakula.

Nilipopewa kuzungumza naye hakulia. Aliniuliza swali moja, kwa sauti ya chini ili watu wa nyumbani wasisikie. "Kaka, yule mwanamke wa paka, na mtoto pia anaweza kuingia moto?"

Msomaji ameshaelewa. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa, hakumpa chakula, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Mdogo wangu aliisikia chuoni, na mwalimu hakukosea kuisimulia. Lakini kulikuwa na jambo ambalo watu wa nyumbani hawakulijua. Samaki aliyemuua Dagaa aliletwa na yeye.

Alikuwa bunju. Asiyekulia pwani nimweleze kwamba bunju ni samaki ambaye akiguswa hujijaza maji au hewa, akavimba kama mpira. Wavuvi wakimpata wavuni humtupa, kwa sababu ini lake, mayai yake na mara nyingi ngozi yake vina sumu ambayo moto wa kupikia hauiondoi. Watoto wao humwokota kwa kuwa ni mchezo mzuri. Mdogo wangu alimwokota mchangani jioni moja, akamleta nyumbani, akamchezea uani, akamwacha nyuma ya jiko akaenda chuoni.

Kilichofuata kilienda kama sumu ya bunju inavyokwenda siku zote. Dagaa alianza kutokwa na mate. Akatapika. Akawa anayumba, miguu ya nyuma ikawa haimbebi. Kufikia Isha alikuwa amelala ubavu, hawezi kuinua kichwa, lakini macho yako wazi na yanafuata mtu anayepita. Sumu ile hulegeza misuli mmoja baada ya mwingine, na mwisho hulegeza misuli ya kupumulia. Haina dawa ya kuipinga. Hata binadamu aliyekula bunju, kinachomwokoa hospitali ni kusaidiwa kupumua mpaka mwili wenyewe uitoe sumu. Mama alijaribu tui la nazi, halikushuka. Kabla ya usiku wa manane pumzi ilikatika.

Watu wazima walidhani amekula kitu ufukweni. Mtoto peke yake ndiye aliyejua, na hakusema, kwa sababu wakubwa walikuwa wanalicheka jambo lenyewe. Mtu hawezi kukiri kosa katika jambo ambalo wenzake wanaliona si kitu.

Kwenye simu nilimjibu swali lake kwa kifupi, nitalirudia jibu hilo chini. Ndipo akaniomba jambo la pili. "Niandikie ya Dagaa. Uandike vizuri." Nikamwahidi. Nikadhani ni kazi ya robo saa.

Ilinichukua siku nne. Nilichojifunza katika siku hizo ndicho ninachotaka kukileta mbele yenu, kwa namna ya swali: Muislamu anapoandika juu ya kifo cha mnyama aliyemfuga, aandike vipi ili asiseme uongo kwa kukuza, wala asiseme uongo kwa kuona haya?

Andiko la kwanza nililikuza. Niliandika kwamba Dagaa alikuwa shahidi wa mateso yetu, kwamba alibaki kuilinda nyumba tulipoikimbia, kwamba kwa kifo chake Mucojo imekufa mara ya pili. Nilimaliza kwa kumwahidi mtoto kwamba atakutana naye Peponi, mlangoni, mkia juu. Nilipolisoma usiku lilinitoa machozi. Asubuhi nililisoma tena nikaona kwamba hakuna sentensi hata moja ndani yake niliyokuwa na hakika nayo. Dagaa hakulinda nyumba. Alikaa pale palipokuwa na panya. Ama Peponi, nani aliniambia? Tuliyofundishwa ni kwamba wanyama watakusanywa Siku ya Kiyama, na katika Sahihi Muslim mna habari ya kondoo asiye na pembe kulipiziwa kwa yule aliyempiga kwa pembe. Wafasiri wametaja kwamba baada ya hapo wataambiwa wawe udongo. Mimi nilikuwa nimemgawia mtoto habari ya ghaibu kutoka kichwani mwangu kwa sababu ilinoga.

Andiko la pili lilikwenda upande wa pili. Niliandika kwa utani. "Marehemu Dagaa, mwizi maarufu wa samaki wa ukanda wa pwani, ameiacha dunia na madeni mengi." Lilikuwa linachekesha. Lakini nilipolisoma nilisikia kile kicheko cha mama, na nikajua mtoto atakapolisikia atacheka na wao ili asionekane mjinga, kisha atakwenda kulala na moto wake kifuani.

Hapo ndipo niliporudi kwenye vitabu ambavyo nilikuwa navisoma kwa ajili ya mtihani tu.

Hadithi ya Abu Umayr wengi wetu tunaijua tangu madrasa. Imo katika Bukhari na Muslim, na msimulizi wake ni Anas bin Malik (R.A). Abu Umayr alikuwa mdogo wake kwa upande wa mama, mtoto wa Ummu Sulaym na Abu Talha. Alikuwa na ndege mdogo aliyekuwa akicheza naye, na ndege yule akafa. Mtume (S.A.W), aliyekuwa na desturi ya kuitembelea nyumba ile, alimkuta mtoto ana huzuni, akauliza ana nini, akaambiwa. Ndipo akamwita kwa lakabu yake ya heshima, kama anavyoitwa mtu mzima, akamuuliza yule ndege amefanya nini. Maneno yale kwa Kiarabu yana kina, yanaingia sikioni kama mchezo wa watoto.

Tazama mambo yaliyomo na yasiyokuwamo. Hakumwambia mtoto kwamba ni ndege tu. Hakumwambia kwamba atamnunulia mwingine. Hakumwambia kwamba ndege yuko mahali pema. Alimheshimu kwa jina, akamtaja ndege, akauliza habari yake. Mwenye kuulizwa habari amepewa nafasi ya kusimulia. Mambo yote mawili niliyokosa katika maandiko yangu yamo mle: uzito umo, kwa kuwa yeye ni nani na bado akauliza, na wepesi umo, kwa kuwa maneno yana ladha ya utani unaomfaa mtoto. Utani wake haukumcheka Abu Umayr, ulimkaribia. Huo wangu ulikuwa unajikinga nisionekane ninahuzunikia paka.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua kabla. Mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, Ibn al-Qass at-Tabari, aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliandika kitabu kizima kidogo juu ya hadithi hii moja, akatoa humo mafunzo sitini na zaidi. Sababu aliyoitaja mwenyewe ni kwamba kulikuwa na watu wakiwakejeli wanahadithi, wakisema wanapokea hata mambo yasiyo na faida, na mfano waliokuwa wakiutoa ni huu wa Abu Umayr na ndege wake. Yaani haya ile niliyoisikia katika kicheko cha mama si ya Mucojo peke yake. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita kulikuwa na wasomi walioona aibu kwamba kifo cha ndege wa mtoto kimeingia katika elimu, na jibu la Ibn al-Qass halikuwa kukasirika. Alikaa chini akaonyesha mafunzo yaliyomo, moja baada ya jingine.

Kwa hiyo haya haina hoja. Je, kukuza nako?

Hapa kilichonisimamisha ni kifo kikubwa zaidi. Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W), alifariki mwaka wa 10 Hijria, akiwa bado ananyonya. Mtume alilia mbele ya watu. Sahaba mmoja alistaajabu, naye akaeleza kwamba hiyo ni rehema, kwamba jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Siku hiyohiyo jua lilipatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim.

Fikiri, ndugu msomaji. Baba aliyefiwa, mbingu imekuwa giza, na watu wote wako tayari kuamini kwamba mbingu inalia pamoja naye. Maneno hayakuwa yake, yalisemwa na watu kwa mapenzi. Angenyamaza tu yangebaki. Lakini alisimama akawaambia kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Allah, na havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Na ikawa ni swala.

Tangu niisome habari hii kwa jicho hilo sijaweza kuandika tena kwamba kijiji kilikufa na paka. Ikiwa jua halikuruhusiwa kupatwa kwa ajili ya Ibrahim, mimi ni nani nilipatwishe kwa ajili ya Dagaa? Machozi yake yalikuwa ya kweli, na kwa sababu yalikuwa ya kweli hayakuhitaji kupambwa na jua.

Mwenzangu mmoja wa darasani, niliyemsomea rasimu ya makala hii, alinipinga. Alisema, "Lakini washairi wa Kiislamu wamewaombolezea paka." Ni kweli, na mfano wake unajulikana. Ibn al-Allaf, mshairi kipofu wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya nne Hijria, ana kaside ndefu ya beti 65 akimlilia paka wake, aliyekuwa akiingia katika mabanda ya njiwa ya majirani na kula makinda, mpaka wakamkamata wakamuua. Lakini Ibn Khallikan anapoitaja habari yake analeta pia kauli za wale waliosema kwamba paka yule si paka. Wengine walisema anamlilia Ibn al-Mu'tazz, mwana wa khalifa aliyeuawa mwaka 296 Hijria baada ya kukaa madarakani siku moja, na kwamba mshairi aliogopa kumtaja kwa jina lake. Wengine walimtaja mtu mwingine.

Sijui, wala si kazi yangu kuhukumu. Ninachoona ni kwamba kaside ile ina milango miwili. Kama paka yule alikuwa mtu, basi Ibn al-Allaf alikuwa na udhuru, kwa sababu kumtaja mtu kungemgharimu shingo. Mimi udhuru huo sina. Watu wa Mucojo waliouawa wana majina, na hakuna anayenizuia hapa chuoni kuwataja na kuwaombea. Nikitaka kuwaandika niwaandike wao. Nikiwaingiza ndani ya paka nitakuwa nimewadhulumu wao kwa kuwafanya paka, na nimemdhulumu paka kwa kumnyang'anya kifo chake ambacho kilikuwa cha bunju, si cha bunduki.

Najua swali linalofuata, maana nilijiuliza mwenyewe. Katika ardhi ambayo watu wamechinjwa, ni adabu kweli kumwandika paka? Nilidhani jibu litatoka katika kitabu. Lilitoka katika lugha. Kiswahili, na Kimwani vilevile, kina vipimo viwili tayari. Mtu hufariki, mnyama hufa. Mtu akifa huwa maiti, na tunamwita marehemu kwa kuwa tunamtarajia rehema. Mnyama haitwi hivyo. Mtu huzikwa baada ya kuoshwa, kukafiniwa na kuswaliwa. Mnyama hufukiwa, na kumfukia ni jambo jema kwa kuondoa harufu na madhara, bila kukosha, bila sanda, bila swala. Utani wangu wa "marehemu Dagaa" ulivunja kipimo hicho, na kukuza kwangu kulikivunja vilevile. Lakini kusema "Dagaa alikufa, tukamfukia" hakumshushi yeyote. Aliyefiwa na mtu akisikia sentensi hiyo haoni kwamba maiti yake imewekwa sawa na paka. Na mtoto akiisikia haoni kwamba paka wake amefutwa. Neno limekaa mahali pake.

Na kwamba msiba mdogo nao ni msiba, hilo tumefundishwa. Katika Bukhari na Muslim imo kwamba Muislamu hapatwi na jambo, hata mwiba unaomchoma, ila Allah humfutia kwa hilo baadhi ya makosa yake. Mwiba umehesabiwa. Umehesabiwa kama mwiba, haukuitwa mkuki.

Basi siku ya nne niliandika andiko la tatu. Niliweka kanuni moja tu: nisiandike sentensi ambayo mtoto akiniuliza "umejuaje?" nitakosa jibu. Niliandika kwa Kimwani kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo anazozisoma vizuri, nikamsomea kwenye simu. Hapa nalileta kwa Kiswahili:

"Ndugu yangu, Dagaa alikufa. Ulimwokota chini ya mashua baada ya kimbunga, akiwa anaenea katika kiganja chako. Alipenda kulala juu ya nyavu za baba, na baba alimfukuza kila siku, naye alirudi kila siku. Tulipokwenda Pemba tulimwacha, na tuliporudi alikuwepo. Alikuwa anaiba samaki. Alikufa kwa kula bunju. Bunju ulimleta wewe, kwa sababu anavimba kama mpira na ulitaka kucheza. Hukujua kwamba atamla. Yule mwanamke wa hadithi alijua, alifunga mlango, na siku zilipita akaendelea kujua. Wewe hukufunga mlango. Wewe ni mtoto, na kalamu haijaanza kukuandikia makosa. Na hata mtu mzima akikosea bila kukusudia, Allah ni Mwenye kusamehe. Kuanzia sasa ukimwona bunju mchangani, mfukie ndani kabisa, ili paka wa watu wengine wasimpate. Unaweza kulia. Ukimaliza, kula."

Sentensi iliyonichukua muda mrefu ni ile ya kwamba bunju ulimleta wewe. Siku mbili nzima niliiondoa na kuirudisha. Nilijiambia kwamba kuiacha nje ni rehema. Lakini mtoto alikuwa anajua. Barua isiyoitaja ingemwambia kwamba kaka hajui, au kwamba kaka anajua na jambo hilo ni baya kiasi hicho, halitamkiki. Katika yote mawili angebaki nalo peke yake. Nilipoitamka nilisikia upande wa pili wa simu amenyamaza, kisha akavuta kamasi. Mama, aliyekuwa anasikiliza, naye akanyamaza. Hakucheka.

Mafunzo mengine ya andiko hilo niliyaona baadaye. Kila jambo humo ni tendo la paka au la mtu, na linaweza kushuhudiwa: alilala juu ya nyavu, alifukuzwa, alirudi, aliiba. Hakuna sifa. Sikuandika kwamba alikuwa mwaminifu, kwa sababu uaminifu ni neno la mwenye akili na ahadi, na Dagaa hakuahidi chochote. Lakini anayesikia kwamba alifukuzwa kila siku na kurudi kila siku amejua kila kitu alichopaswa kujua. Nimejaribu tangu hapo kulisema jambo hilo kwa maneno makubwa na kila mara linapungua.

Wizi wa samaki nao nilikusudia kuubakiza. Tunapoandika juu ya aliyekwisha ondoka huwa tunamwosha. Kwa maiti wa Kiislamu tumeamrishwa kutaja mema yao na kunyamazia mabaya, na hiyo ni haki yao. Paka hana aibu ya kusitiriwa. Ukimwondolea wizi umemwandika paka mwingine ambaye mtoto hamjui.

Nilipomaliza kusoma nilimuuliza mdogo wangu kama kuna kosa. Nilidhani atasema hakuna, ili nifurahi. Akasema lipo. "Hukuandika mkia. Mkia wake ulipinda mwishoni, tangu siku niliyomwokota. Ndiyo maana nilijua ni yeye, baba anasema si yeye." Nikaongeza. Kisha nikasikia mama anamwita kula, na akaenda.

Januari 2024 wapiganaji waliingia Mucojo na kukaa. Familia yangu iliondoka tena, kwa bahari, kama mara ya kwanza. Salama, Alhamdulillah, na wapo jirani zetu ambao hawakupata salama hiyo. Hao nawataja kwa majina katika dua zangu, wala si mahali pao katika makala ya paka. Mdogo wangu hakubeba chochote cha Dagaa, kwa sababu hakuna cha kubeba. Alifukiwa nyuma ya jiko, chini ya mnazi wa pili kutoka kisimani, kina cha mkono mmoja wa mtu mzima. Alichimba yeye mwenyewe, kabla sijampigia simu, na bunju aliyebaki akamfukia mahali pengine, mbali.

Wallahu a'lam.